Sampuli imepigwa alama ya H, L au I: uikatae, utoe jibu lenye maelezo, ukokotoe, au uisafishe?

Mashine ya kemia imemaliza kazi yake, na kando ya majibu ya mgonjwa mmoja imeweka alama kwamba seramu ina hemolisisi. Wodini wanasubiri. Anayesimama mbele ya skrini ana njia nne: kuikataa sampuli na kuomba nyingine, kutoa jibu pamoja na maelezo, kukokotoa kosa na kuliondoa, au kuisafisha sampuli (ama kuipima kwa njia nyingine). Kila maabara ina mtu anayeamini moja ya njia hizi kuliko zote. Hapa tutaziweka bega kwa bega, kwa kutumia mfano mmoja tutakaourudia mara kwa mara.

Mfano wenyewe ni huu. Mgonjwa ametapika na kuharisha kwa siku kadhaa, amedhoofika, na damu yake imechukuliwa kwa shida. Mashine inaonyesha potasiamu 4.0 mmol/L na sodiamu 133 mmol/L, pamoja na AST na LDH zilizopanda. Indeksi ya H ni 250. Potasiamu ya 4.0 iko katikati kabisa ya kiwango cha kawaida, na kwa sababu hiyo ndiyo namba ya kuogopwa zaidi kwenye karatasi hiyo. Nitaeleza kwa nini.

## Mashine imeona nini hasa

Herufi tatu zinasimama kwa mambo matatu. H ni hemolisisi, yaani chembe nyekundu zimepasuka na hemoglobini imemwagika kwenye seramu. L ni lipemia, mafuta mengi yanayoifanya seramu iwe nyeupe kama maziwa. I ni ikterusi, bilirubini nyingi inayoipaka seramu rangi ya manjano iliyokolea.

Mashine nyingi hazihitaji kitendanishi maalumu kuyagundua. Zinachukua tone la seramu, zinalichanganya na maji ya chumvi, kisha zinapitisha mwanga wa mawimbi kadhaa na kupima mwanga uliozuiwa. Ukungu wa mafuta unasomwa kwenye mwanga mwekundu wa mbali, kwa mfano nanomita 660 na 700, kwa sababu huko hemoglobini na bilirubini hazizuii karibu chochote. Hemoglobini inasomwa kwenye 570 na 600. Bilirubini inasomwa kwenye 480 na 505.

Tatizo ni kwamba ukungu wa mafuta hautulii mahali pamoja. Unatawanya mwanga wa kila wimbi, na kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo unavyotawanya zaidi. Kwa hiyo mashine inaanza na L, halafu inaondoa mchango wake kwenye H, halafu inaondoa michango ya zote mbili kwenye I. Kwa mashine inayotumia jozi hizo za mawimbi, hesabu ikirahisishwa inakuwa hivi, herufi ndogo zikiwa namba alizoziweka mtengenezaji:

```
L = c × (A660 − A700)
H = a × [(A570 − A600) − b × (A660 − A700)]
I = d × [(A480 − A505) − e × (A570 − A600) − f × (A660 − A700)]
```

Mashine nyingine zinaandika namba kamili, nyingine zinaandika alama za kujumlisha kuanzia moja hadi kadhaa. Penye namba kamili, indeksi ya H mara nyingi inakaribiana na miligramu za hemoglobini katika desilita moja. H ya 250 basi ni takriban 250 mg/dL, sawa na gramu 2.5 kwa lita. Indeksi ya L haina ulinganifu wa namna hiyo na trigliseridi. Inapima ukungu tu, na sampuli mbili zenye trigliseridi sawa zinaweza kuwa na ukungu tofauti kabisa kutegemea ukubwa wa matone ya mafuta.

Je, jicho la mtaalamu halitoshi? Kwa hemolisisi kubwa linatosha. Wekundu unaanza kuonekana hemoglobini ikifika kati ya 30 na 50 mg/dL hivi, lakini LDH imeshaharibika kabla ya hapo, maana ndani ya chembe nyekundu imo kwa wingi wa takriban mara 160 kuliko nje. Tena manjano ya bilirubini yanaficha wekundu. Seramu ya mtoto mchanga mwenye manjano inaweza kuwa imepasuka vibaya na bado ikaonekana ya dhahabu tu.

Baada ya indeksi, mashine inalinganisha namba hiyo na kikomo cha kila kipimo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: alama haiihukumu sampuli nzima, inahukumu kipimo kimoja kimoja. Kwenye tyubu ileile ya H 250, LDH haifai kabisa, AST imechafuka, potasiamu imeharibika, lakini sodiamu iko salama. Kwenye baadhi ya mashine sodiamu inavumilia H hadi karibu 1000.

Vikomo hivyo navyo visichukuliwe kama amri. Watengenezaji wengi huviweka pale jibu linapopotoka kwa asilimia 10. Asilimia 10 ya potasiamu 4.0 ni 0.4 mmol/L, na huo si mkengeuko mdogo kwa daktari. Asilimia 10 ya AST ya 20 ni uniti 2, ambazo hakuna atakayezijali. Isitoshe, asilimia yenyewe inategemea kiasi kilichokuwemo: AST inayovuja kutoka kwenye chembe zilizopasuka inamvuruga mtu mwenye ini zima, lakini kwa mgonjwa mwenye AST ya 2000 haibadilishi kitu. Mwongozo wa CLSI unaoitwa C56, uliotoka mwaka 2012, uliandikwa kwa ajili ya indeksi hizi, na maabara inayotaka kuweka vikomo vyake yenyewe ina pa kuanzia.

## Vigezo vya kulinganisha

Nitaipima kila njia kwa maswali manne. Je, inamlinda mgonjwa dhidi ya namba ya uongo, hasa ile inayoonekana ya kawaida? Je, inahitaji kujua ukubwa wa kosa, na ukubwa huo unajulikana? Inachukua muda na damu kiasi gani? Na je, inategemea sampuli ya pili kuwa bora kuliko ya kwanza?

Swali la mwisho linasahaulika sana. Kosa la uchukuaji linaisha damu ikichukuliwa upya. Hali iliyomo mwilini mwa mgonjwa haiishi.

## Njia ya kwanza: kukataa na kuomba sampuli nyingine

Hii ndiyo njia ya zamani na bado ina nguvu. Kwa potasiamu yetu ya 4.0, inazuia jambo la hatari: daktari kuamini kwamba mgonjwa aliyeharisha siku kadhaa hana upungufu. Chembe nyekundu zinabeba potasiamu mara zaidi ya ishirini ya ile iliyo nje, na zilipopasuka ziliimwaga kwenye seramu. Potasiamu ya kweli lazima iwe chini ya 4.0, pengine chini sana. Kuifuta namba hiyo ni kumzuia mtu asidanganyike.

Haihitaji kujua ukubwa wa kosa. Huo ndio uzuri wake. Sindano ikiwa nyembamba, damu ikivutwa kwa nguvu kupitia kanyula, au tyubu ikitikiswa, sampuli ya pili iliyochukuliwa kwa utulivu kutoka kwenye mshipa mzuri inamaliza mjadala.

Muda ndio bei yake. Sampuli mpya inamaanisha mgonjwa achomwe tena, tyubu isafirishwe, damu igande, izungushwe, ipimwe. Kwa mtoto mchanga au mtu mwenye mishipa migumu, kila tone lina hesabu yake. Na ukiikataa tyubu nzima badala ya vipimo vilivyoathirika, umetupa sodiamu nzuri iliyokuwa inahitajika sasa hivi.

Kisha kuna hali ambayo njia hii inageuka kuwa kosa kamili: chembe zinapopasuka ndani ya mwili. Sampuli za namna hiyo ni chache sana ukilinganisha na zile zilizoharibika mkononi mwa mchukuaji, lakini ndizo zenye wagonjwa mahututi, kama aliyepewa damu isiyolingana naye. Ukizikataa mara tatu mfululizo unamcheleweshea tiba mtu ambaye hemolisisi ndiyo ugonjwa wake. Dalili zake zinaonekana maabara: tyubu zote za mgonjwa huyo zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti ni nyekundu, mkojo una rangi ya damu lakini hauna chembe chini ya hadubini, na haptoglobini imeshuka au haipo. Haptoglobini inasaidia sana hapa. Chembe zikipasukia kwenye tyubu, inabaki kama ilivyo. Zikipasukia mwilini, inashikamana na hemoglobini na kuondolewa kwenye damu.

Kukataa kunamfaa nani, basi? Kipimo ambacho kosa lake ni kubwa, mgonjwa ambaye damu yake inaweza kuchukuliwa tena upesi, na sababu iliyo kwenye uchukuaji. Hakufai sampuli isiyoweza kurudiwa, kama maji ya uti wa mgongo, wala mgonjwa mwenye manjano, ambaye sampuli yake ya pili itakuwa ya manjano vilevile.

## Njia ya pili: kutoa jibu pamoja na maelezo

Namba inatoka, chini yake panaandikwa kwamba sampuli ina hemolisisi na jibu linaweza kuwa limepanda. Daktari anaamua.

Ubora wa njia hii unategemea maneno yenyewe. "Sampuli imehemolaizi" ni maelezo yasiyomsaidia mtu, kwa sababu hayasemi kipimo kipi, kosa linaelekea wapi, wala la kufanya. Linganisha na haya: "Potasiamu imepandishwa na hemolisisi, thamani ya kweli iko chini ya hii, upungufu haujaondolewa, tafadhali leta sampuli nyingine." Maneno hayo ya pili yanabeba karibu kila kitu ambacho maabara inakijua.

Kwa upande wa ulinzi, njia hii ni dhaifu kuliko kukataa. Namba iliyochapishwa inasomwa. Maelezo yaliyo chini yake yanasomwa baadaye, au yanapotea jibu linaponakiliwa kwenye faili, au mfumo wa kompyuta unaonyesha grafu ya potasiamu bila maandishi yoyote. Potasiamu ya 4.0 haina rangi nyekundu ya tahadhari pembeni yake, kwa hiyo hakuna kitakacholivuta jicho kwenye maelezo.

Muda wake ni mzuri: hakuna ucheleweshaji. Ukubwa wa kosa unatakiwa ujulikane kwa kukadiria tu, vya kutosha kuhakikisha kwamba haliwezi kubadili uamuzi. Na hapa ndipo mahali pake halisi. Kama kosa linaonekana kwenye mashine lakini ni dogo kuliko mabadiliko ya kawaida ya mtu huyo kutoka siku hadi siku, toa namba na maelezo. Likizidi hapo, ficha namba na uache maelezo peke yake. Mimi naiona hii kuwa mipaka ya busara kuliko asilimia 10 moja kwa vipimo vyote.

Kuna pia matumizi ambayo maelezo yanashinda kukataa waziwazi. Tuseme potasiamu ilikuwa 2.6 badala ya 4.0, H ikiwa ileile. Kosa linapandisha namba, kwa hiyo ya kweli ni 2.6 au chini zaidi. Mgonjwa yuko hatarini kwa vyovyote. Kuificha namba hiyo eti sampuli imepasuka ni kumnyima daktari taarifa ya kuokoa maisha. Piga simu: "Daktari, potasiamu ni 2.6 na sampuli imepasuka, kwa hiyo ya kweli huenda iko chini zaidi. Tunaomba nyingine wakati mnaanza kushughulika."

## Njia ya tatu: kukokotoa na kuondoa kosa

Hii inavutia kwa sababu inaonekana ya kisayansi. Indeksi ni namba, kosa linapanda sambamba na indeksi, basi toa moja kutoka kwa nyingine. Tujaribu kwa mfano wetu.

Makadirio ya kawaida ni kwamba kila gramu 1 ya hemoglobini kwa lita inapandisha potasiamu kwa takriban 0.3 mmol/L, ingawa makadirio mengine yanafika 0.5. Tyubu yetu ina gramu 2.5 kwa lita. Kwa kiwango cha chini, kosa ni 0.75, na potasiamu ya kweli ni kama 3.25. Kwa kiwango cha juu, kosa ni 1.25, na ya kweli ni 2.75. Wa kwanza ana upungufu mdogo wa kushughulikiwa kwa vidonge. Wa pili yuko chini ya 3.0, anahitaji kuangaliwa moyo wake. Hesabu moja, wagonjwa wawili tofauti.

Tofauti hiyo haitokani na uzembe wa wanaopima. Chembe nyekundu za watu hazina potasiamu sawa kwa kila gramu ya hemoglobini. Chembe nyeupe na chembe sahani nazo zinavuja potasiamu bila kutoa hemoglobini hata kidogo, na indeksi haiwezi kuziona. Damu ikikaa muda mrefu bila kutenganishwa, au ikiwekwa kwenye baridi ikiwa nzima, potasiamu inatoka ndani ya chembe ambazo hazijapasuka: H iko chini, namba ni ya uongo. Na kama hemolisisi ilitokea mwilini, potasiamu iliyopanda ndiyo inayozunguka ndani ya mgonjwa. Ukiipunguza kwa hesabu umetengeneza mtu mwenye afya kwenye karatasi.

Kwa hiyo njia hii inahitaji kujua kitu ambacho kwa mgonjwa mmoja hakijulikani. Ulinzi wake ni wa kinyume: inampa daktari namba yenye nukta ya desimali, naye anaichukulia kwa uhakika uleule wa namba nyingine zote. Haki yake ni kwamba ni ya haraka kuliko zote na haihitaji damu zaidi. Pia hesabu yenyewe ina kazi nzuri nyuma ya pazia. Ikikuonyesha kwamba hata kwa kadirio la chini kabisa mgonjwa anaangukia kwenye upungufu, hiyo ni sababu ya kupiga simu sasa hivi, bila kuandika 3.25 popote.

Inamfaa mtaalamu anayetaka kujua aharakishe kiasi gani. Haimfai yeyote anayetaka kuchapisha jibu.

## Njia ya nne: kuisafisha sampuli au kubadili njia ya kupima

Kwa hemolisisi njia hii karibu haina nafasi, maana potasiamu iliyomwagika hairudi ndani ya chembe. Kwa mafuta na bilirubini hali ni tofauti, na ndiyo maana mtu aliyezoea kukataa kila alama anapoteza sampuli nyingi bila sababu.

Tuanze na mafuta. Yanaharibu kwa namna mbili ambazo zinachanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni ukungu: mwanga unatawanyika na mashine inadhani rangi imeongezeka. Ya pili haihusu mwanga kabisa. Seramu ya kawaida ni maji kwa takriban asilimia 93, na mashine kubwa zinazopima sodiamu baada ya kuichanganya sampuli na maji zinachukulia kwamba ni hivyo daima. Mafuta yakichukua nafasi na maji yakashuka hadi asilimia 84, mgonjwa mwenye sodiamu halisi ya 140 ataonyeshwa 140 × 84 ÷ 93, yaani takriban 126. Akipewa chumvi kwa sababu ya namba hiyo, anaumizwa na tiba ya ugonjwa asiokuwa nao. Elektrodi inayogusa sampuli bila kuichanganya, kama ile ya mashine ya gesi za damu, itasoma 140 kwa sababu inapima sodiamu iliyo ndani ya maji peke yake.

Kwa ukungu, dawa ni kasi. Sentrifuji ya kawaida haifikii, lakini kuizungusha seramu kwa zaidi ya 10,000 g kwa dakika 15 kunapandisha mafuta juu kama malai. Unachukua tabaka la chini kwa uangalifu bila kuligusa la juu, kisha unapima indeksi ya L upya kabla ya kitu kingine chochote. Kama haikushuka chini ya kikomo, hujasafisha. Trigliseridi na kolesteroli haziruhusiwi kutoka kwenye sehemu hiyo iliyosafishwa, kwa kuwa umezitupa pamoja na mafuta; hizo zipimwe kwenye sampuli ya asili, ikiwa imepunguzwa makali. Dawa zinazopenda kukaa kwenye mafuta nazo zinaweza kuondoka.

Kuna mtego mmoja ambao indeksi haiukamati. Mgonjwa ambaye nyongo yake imezibwa anaweza kuwa na lipoprotini X, mafuta yasiyoleta ukungu. Seramu ni safi machoni, L iko chini, na sodiamu imeshushwa kwa kosa lilelile la nafasi. Ukikuta sodiamu ya chini isiyolingana na mgonjwa, na kolesteroli iliyopanda sana pamoja na manjano, ipime kwa elektrodi ya moja kwa moja hata kama mashine haikuweka alama.

Bilirubini ni mkaidi zaidi. Haizunguki ikatoka. Inazuia mwanga kwenye eneo la nanomita 460 hivi na kando yake, lakini ubaya wake mkubwa uko kwenye kemia. Vipimo vingi vinavyotumia vimeng'enya vinatengeneza peroksidi ya hidrojeni na kuigeuza kuwa rangi. Bilirubini inaila peroksidi hiyo njiani, na jibu linashuka. Kipimo cha kreatinini cha Jaffe nacho kinashushwa, kwa sababu ndani ya alkali bilirubini inaoksidishwa na rangi yake inafifia wakati uleule ambao mashine inasubiri rangi ipande. Mgonjwa wa ini anaonekana ana figo nzima, na kreatinini hiyohiyo inaingia kwenye hesabu ya MELD inayopanga ukali wa ugonjwa wake.

Kinachosaidia ni kupunguza makali. Tuseme bilirubini ni 30 mg/dL na kikomo cha kipimo ni 20. Changanya seramu sehemu moja na maji ya chumvi sehemu moja: bilirubini inakuwa 15. Kama kreatinini kabla ilisomeka 0.9 mg/dL, na baada ya kuchanganya inasomeka 0.65, zidisha kwa mbili upate 1.3. Kusingekuwa na kuingiliwa, zao lingekuwa karibu na 0.9. Kupanda kwake ndiko kunakokuonyesha kosa. Angalia tu kwamba 0.65 bado iko ndani ya eneo ambalo mashine inasoma kwa uhakika. Kreatinini ya mtoto mdogo ikipunguzwa hivyo inaweza kushuka chini ya uwezo wa kipimo. Njia nyingine ni kubadili kitendanishi, maana watengenezaji wengine wanaongeza kimeng'enya au chumvi ya kuikata bilirubini kwanza.

Ulinzi wa njia hii ni mkubwa pale inapofanikiwa, na haihitaji kubahatisha ukubwa wa kosa kwa sababu unapima upya baada ya kuliondoa. Inakula muda wa mtaalamu, inahitaji kifaa cha kasi na damu ya kutosha kwenye tyubu. Inaifaa maabara yenye wagonjwa wa ini, wa kisukari kisichodhibitiwa, au wanaolishwa mafuta kwa dripu.

## Kwa hali yako

Ukiwa na mgonjwa wa mfano wetu, aliyeharisha, potasiamu 4.0 na H 250: toa sodiamu, ficha potasiamu, AST na LDH, andika kwamba upungufu wa potasiamu haujaondolewa, piga simu na uombe damu nyingine. Hesabu ya 2.75 hadi 3.25 ibaki kichwani mwako kama kipimo cha haraka yako.

Ukiwa na hemolisisi na potasiamu iliyo chini tayari, toa namba kwa simu pamoja na maelezo. Ikiwa ya juu sana, kama 7.0, usiitoe kama jibu wala usinyamaze: mwambie daktari sampuli imepasuka, mshauri aangalie moyo kwa ECG huku damu mpya ikichukuliwa. Kama anataka kuirudia kwenye mashine ya gesi za damu, mkumbushe kwamba nyingi ya hizo zinapima damu nzima na haziwezi kuiona hemolisisi, kwa hiyo kutokuwepo kwa alama huko hakumaanishi usalama.

Sampuli ya pili nayo ikija nyekundu kutoka mshipa mwingine, acha kukataa. Pima haptoglobini, zungumza na daktari, na toa potasiamu ukieleza kwamba huenda hemolisisi ni ya mwilini.

Seramu ikiwa nyeupe, anza na sentrifuji ya kasi kwa vipimo vya rangi na elektrodi ya moja kwa moja kwa sodiamu. Kuomba sampuli nyingine kunafaa pale tu mgonjwa anapoweza kufunga, au damu inapoweza kuchukuliwa kabla ya dripu inayofuata ya mafuta. Huna kifaa cha kasi? Punguza makali, pima indeksi tena, na vipimo visivyopita chini ya kikomo vibaki bila namba.

Seramu ikiwa ya manjano, usimchome mgonjwa tena kwa matumaini kwamba itakuja safi. Punguza makali au badili kitendanishi, linganisha majibu mawili, na kreatinini itoke na maelezo ya njia iliyotumika, ili mtu atakayeilinganisha na ya wiki ijayo ajue analinganisha nini na nini.